Kufuta programu si kusitisha usajili

"Nilishaifuta ile programu, mbona bado wananikata?" Juzi binamu yangu ameniuliza hivyo, na si wa kwanza.

Kusitisha usajili ni kumfanya anayekutoza aache kukutoza. Basi. Neno lenyewe linajieleza: limetokana na kitenzi sita, yaani kusimama, kutoendelea, na lile -isha la mwisho ni la kumfanya mwingine atende. Ukisitisha, yupo unayemsimamisha. Kufuta hakuhitaji mtu wa pili. Unafuta ubao, unafuta vumbi, unafuta programu, na hakuna aliyepata habari. Wengine husema wameghairi. Hilo nalo limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kubadilika, ule ule wa minghairi. Aliyeghairi amebadili nia, lakini nia haimfikii mtozaji mpaka aambiwe.

Sasa, mtozaji ni nani? Ukijiunga na huduma kupitia kifurushi cha kampuni ya simu au ofa ya benki, makubaliano ya malipo yako kwao. Wenye huduma wanapokea tu taarifa kwamba akaunti yako iko hai. Ndiyo maana Spotify au Netflix ukifungua ukurasa wa akaunti, huenda usikute pa kusitishia malipo, ila maelezo kwamba unalipia kupitia kampuni nyingine. Ukurasa haujaharibika. Unakuelekeza mlango.

Binamu alipewa huduma ya muziki na kampuni yake ya simu, miezi 3 bure, kisha makato kila tarehe 20. Tarehe 3 akafuta programu, akaondoa na kadi yake ya benki kwenye akaunti. Tarehe 20 akakatwa vilevile, kwa sababu fedha haikuwa ikitoka kwenye kadi. Ilikuwa ikiingia kwenye bili ya simu.

Tulifungua bili hiyo pamoja. Huduma ya muziki ilikuwa na mstari wake na bei yake, maana yake ni nyongeza, na nyongeza huondolewa peke yake. Akaingia kwenye akaunti yake ya kampuni ya simu, akaitoa, akaletewa ujumbe wenye tarehe ya mwisho wa huduma. Kama mstari huo usingekuwepo, bei ingekuwa imo ndani ya kifurushi, na kuitoa huduma kusingepunguza bili hata kidogo. Angelazimika kubadili kifurushi chenyewe.

Ile kadi nayo hakuiondoa bure. Kampuni ya simu au benki ikijitoa kwenye malipo, akaunti ya huduma haifi, na baadhi ya huduma huendelea kwa kutoza kadi iliyohifadhiwa humo.

Lakini binamu yangu, tarehe 3 hukusitisha. Ulifuta. Umesitisha tarehe 22, ulipoletewa ule ujumbe.