Ugumu wa grisi si mnato wa oili yake

Mafundi wengi hubana grisi kati ya vidole viwili, wakaona ni ngumu, wakasema itabeba mzigo. Vidole vinapima ugumu tu. Ile namba 2 ya NLGI kwenye kopo nayo inaeleza ugumu huohuo, yaani grisi itakaa mahali pake au itachuruzika. Kinachotenganisha chuma na chuma ni oili iliyomo ndani. Grisi kwa sehemu kubwa ni oili, iliyoshikwa na sabuni (mara nyingi ya lithiamu) kama maji kwenye sponji, na huiachia kidogokidogo.

Gololi ya beringi inapobingirika huiburuta oili kuiingiza mbele yake, mahali ambapo nafasi inazidi kuwa finyu. Pale inapokutana na njia yake, shinikizo hufika gigapaskali 1 au zaidi, takriban mara 10,000 ya shinikizo la hewa. Ungetegemea oili itoroke pembeni. Lakini kwa kubanwa hivyo inakuwa nzito mno, karibu kama kitu kigumu, na gololi hupita kabla oili haijapata muda wa kukimbia. Chuma chenyewe hubonyea kidogo na kurudi. Utando unaobaki mara nyingi haufiki mikroni 1, ila unatosha ukizidi vijinundu vya nyuso zote mbili.

Chukua beringi ya 6205: tundu milimita 25, kipenyo cha nje 52, wastani 38.5. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, mnato wa chini unaohitajika kwenye joto la kazi ni:

```
4500 / √(1500 × 38.5) ≈ 19 mm²/s
```

Beringi ikifanya kazi kwenye nyuzi 70, oili ya madini ya VG 100, yaani yenye mnato wa 100 kwenye nyuzi 40, hubaki na takriban 28. Inatosha. VG 32 hushuka hadi kama 12, na hapo vijinundu huanza kugusana: uso unapoteza mng'ao, kisha unamomonyoka. Grisi mbili za namba 2 zinaweza kubeba oili hizi mbili tofauti, na vidole visijue.

Mwendo ukipungua, oili inaburutwa kidogo, kwa hiyo lazima iwe nzito zaidi. Beringi hiyohiyo kwa mizunguko 100 inahitaji kama 160. (Kanuni ya juu haifai chini ya mizunguko 1000.)

Kuongeza grisi hakuponyi oili nyepesi. Kwa mwendo wa kawaida, jaza theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Ikizidi, gololi zinaikoroga, joto linapanda na oili inazidi kuwa nyepesi. Baada ya kupaka, joto kupanda kwa muda ni kawaida. Lisiposhuka, punguza grisi. Na kama joto linatoka kwenye shafti au kwenye mwendo mkali wenyewe, grisi haina njia ya kulibeba nje. Hapo mimi huchagua oili ya kuzunguka, pamoja na pampu na sili zake.