Umepandishwa cheo, sawa. Saa yako moja inalipwa ngapi sasa?

Mimi kazi yangu ni peiroli, mishahara ya watu napitisha mimi kila mwezi, na kuna swali huwa naletewa na watu waliopanda cheo juzijuzi tu: mbona hela imeongezeka ila najiona kama nimepunguziwa? Mara nyingi kweli amepunguziwa, ila slipu ya mshahara haiwezi kumwonyesha maana slipu haijui ametoka ofisini saa ngapi.

Tuchukue jamaa mmoja, tarakimu nimezilainisha. Alikuwa analipwa 1,200,000 kwa mwezi, mkataba masaa 40 kwa wiki, na kweli alikuwa anafanya 40. Watu wengi hapa wanazidisha 40 kwa wiki nne wanapata 160, siyo sahihi, mwezi hauna wiki nne kamili. Chukua 40 mara wiki 52 gawa kwa 12, unapata kama 173. Kwa hiyo saa yake ilikuwa 6,923.

Akapewa usupavaiza, mshahara ukapanda asilimia 15 ukawa 1,380,000, ovataimu hakuna tena kwa sababu “wewe sasa ni menejimenti”. Nikamwambia aandike masaa yake, siyo ya wiki moja iliyomchosha maana hiyo lazima itatia chumvi, aandike mwezi mzima pamoja na wiki ya kufunga hesabu na ile ya kupoa, na aandike siku hiyohiyo, maana kichwa kikichoka kinakumbuka masaa ambayo hayakuwepo. Ikatoka wastani wa 54 kwa wiki: juu ya yale 40, jioni anaongeza saa moja na nusu kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi masaa matano, na Jumapili usiku anajibu meseji na kupanga zamu, saa moja na nusu nyingine. Safari ya kwenda kazini hatukuiweka, ilikuwepo hata zamani.

Masaa 54 kwa wiki ni 234 kwa mwezi. Gawa 1,380,000 kwa 234, unapata 5,897. Yaani cheo kimepanda, mshahara umepanda, saa imeshuka karibu asilimia 15.

Lakini hiyo siyo namba inayouma. Inayouma ni hii: yale masaa ya nyongeza peke yake ameyauza bei gani? Kabla na baada tofauti ni masaa karibu 61 kwa mwezi, na hela iliyoongezeka ni 180,000, kwa hiyo kila saa ya ziada imekwenda kwa 2,967, chini ya nusu ya bei yake ya zamani. Na hapo ni kabla ya makato. Pale ambapo kodi inapanda kadiri mshahara unavyopanda, nyongeza ndiyo inayokaa ngazi ya juu kabisa, so ikikatwa mfano asilimia 30 anabaki na 126,000, kama 2,077 kwa saa.

Kwa bei yake ya kawaida masaa hayo yalikuwa ya 420,000. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1919 kuhusu viwanda, unataka ovataimu ilipwe angalau mara 1.25, na masaa hayo yote yakilipwa kwa kiwango hicho ingekuwa 525,000. Ila mkataba huohuo unawatoa nje wenye nafasi za usimamizi na uongozi, kwa hiyo huu mchezo wa kumpa mtu cheo kisha ovataimu ikayeyuka una mlango wa zamani sana. Ndiyo maana mimi huwa nauliza kwanza huyo supavaiza anasimamia nani hasa, maana wapo wenye cheo kwenye barua tu na kazi ni ileile.

Bonasi kama ipo na inalipwa kweli, igawe kwa 12 uiongeze juu. Ya kuahidiwa usiihesabu. Likizo nayo inapandisha bei ya saa kwa sababu unalipwa bila kufanya kazi, ila kama wiki za likizo ni zilezile kabla na baada, asilimia ya kushuka haibadiliki. Inabadilika pale unapokuwa likizo na laptopu iko mapajani, na hayo masaa andika pia.

Sasa kwenda kwa bosi kuomba nyongeza nyingine kubwa ilikuwa ngumu, ingebidi mshahara wa zamani upande asilimia 35 ndipo saa irudi palepale. Tukageuza hesabu: kwa 1,380,000, masaa mangapi yanarudisha 6,923? Jibu ni 46 kwa wiki, yaani apunguze manane. Akaenda na karatasi yake ya masaa, hakulalamika, akauliza tu ripoti ya Jumamosi inasomwa na nani kabla ya Jumatatu. Hakuna. Ikahamishiwa kwa msaidizi wake, anaifanya Jumatatu asubuhi. Yeye yuko 49 sasa, saa yake kama 6,500, na yale matatu yaliyobaki yako kwenye zile jioni.