Ukivunja bima ya akiba, pesa zako zilikua kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

Mwezi uliopita shemeji yangu, mwalimu wa skuli ya msingi huko Wete, alinitandikia karatasi ya bima yake juu ya barza. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja tu: shilingi 4,872,000. Kwa miaka 6 mshahara wake ulikuwa ukikatwa 50,000 kila mwezi, na sasa alitaka kuvunja mkataba amalizie paa la nyumba. "Nimetoa milioni tatu na laki sita, nakuta nne na laki nane. Si haba, shemeji."

Nimefanya kazi ya hesabu muda mrefu, na karatasi za namna hii zinanitia uchungu, maana kila neno lililoandikwa ni kweli lakini msomaji anaondoka na jambo lisilo kweli.

Dhana: pesa iliyoandikwa ndiyo nitakayopewa nikivunja

Ile 4,872,000 ni thamani ya bima iliyosimamishwa ada. Maana yake ni hii: ukiacha kulipa leo, mkataba hautakufa, utakuwa mdogo, na pesa hizo utalipwa mwisho wa mkataba, au warithi wako watalipwa ukifariki kabla. Mkataba wa shemeji ni wa miaka 15. Kiasi cha bima ni 8,400,000, naye amelipa miezi 72 kati ya 180, kwa hiyo fungu lake ni 3,360,000. Bonasi ilikuwa 252,000 kwa mwaka, mara 6 ni 1,512,000. Jumlisha, unapata ule mstari uliokuwa chini ya kidole chake.

Anayetaka pesa leo anapewa kitu kingine, thamani ya kusalimisha. Kampuni inachukua ile thamani ya mwisho wa mkataba na kuipunguza, kwa kuwa unataka sasa kilichopangwa kulipwa miaka 9 mbele. Kwa mkataba huu, katika mwaka wa 6, jedwali lilitoa asilimia 55. Kwa hiyo anapata 2,679,600, pungufu ya alichotoa kwa 920,400.

Hakuna aliyemwibia. Ada za mwanzo huenda kwa wingi kwenye kamisheni ya wakala, uchunguzi wa afya na gharama za kufungua mkataba, na sehemu ya kila ada inalipia kinga ya kifo. Ndiyo maana katika mikataba mingi ukivunja ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza hupati hata senti. Asilimia zinapanda mwaka hadi mwaka, na kila kampuni ina jedwali lake. Jedwali hilo ndilo la kuomba kwa maandishi kabla ya kutia saini, wala si picha ya mwaka wa 15 peke yake.

Dhana: nimepoteza robo kwa miaka 6, basi ni kama asilimia 4 kwa mwaka

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata watu wa hesabu. Shemeji aligawa: 920,400 ni karibu asilimia 25.6 ya alichotoa. Gawa kwa 6, unapata 4.3. Lakini kugawa hivyo ni kuchukulia kwamba milioni 3.6 zote zilikuwa kwa kampuni tangu siku ya kwanza. Hazikuwa. Ile 50,000 ya kwanza imekaa miaka 6. Ya mwisho imekaa mwezi mmoja. Ukichukua wastani, kila shilingi imekaa kama miaka 3 tu. Robo imepotea ndani ya miaka 3, si 6.

Hesabu kamili inatafuta kiwango kimoja cha mwezi ambacho, kikitumika kwa kila ada tangu siku ilipolipwa, jumla inatua sawasawa kwenye pesa uliyopewa. Simu yenye Excel inatosha:

```
=RATE(72,-50000,0,2679600,1,-0.005)
=(1+A1)^12-1
```

Mstari wa kwanza uweke kwenye A1. Unakupa kiwango cha mwezi. Namba 1 baada ya 2679600 inasema ada inalipwa mwanzoni mwa mwezi, na ile ya mwisho ni makisio ya kuanzia tu. Mstari wa pili unakigeuza kiwe cha mwaka. Jibu: pesa zake zilipungua kwa karibu asilimia 9.7 kila mwaka. Angeziweka sandukuni chini ya kitanda zingebaki 3,600,000, japo bei za vitu zingezila kidogo kidogo.

Dhana: nikivumilia mpaka mwisho ni faida ya asilimia 35

Wakala alimwambia hivyo, na hakusema uongo. Miaka 15 ni ada ya 9,000,000; atalipwa 8,400,000 na bonasi 3,780,000, jumla 12,180,000, kama bonasi haitabadilika. Ipitishe kwenye kanuni ileile, kwa miezi 180, utapata asilimia 3.9 kwa mwaka. Lengo la Benki Kuu ya Tanzania kwa mfumuko wa bei ni kati ya asilimia 3 na 5, kwa hiyo pesa hizo zimesimama palepale zilipoanza.

Haki ya kampuni nayo isemwe. Angefariki mwaka wa 2, watoto wangelipwa kiasi chote cha bima. Tuseme kinga hiyo peke yake ingemgharimu 3,000 kwa mwezi. Akiba halisi basi ni 47,000, na kiwango kinapanda hadi asilimia 4.7. Kinga ina thamani, ila haibadilishi sura ya hesabu. Na anayechagua takaful, yaani bima ya Kiislamu, kwa kuepuka riba aombe jedwali lilelile, kwani gharama za mwanzo ziko huko pia.

Dhana: nimeshapata hasara, bora nivunje leo

Nilidhani nitamshauri avunje. Nilipokaa na kalamu nikabadili mawazo. Hasara ya miaka 6 imeshapita, na haiwezi kuamua chochote. Swali ni 2,679,600 ya leo itakua vipi akiiacha.

Akisimamisha ada, inageuka 4,872,000 baada ya miaka 9, yaani karibu asilimia 6.9 kwa mwaka. Akiendelea kulipa mpaka mwisho, ile thamani ya leo pamoja na ada zijazo zinakua kwa asilimia 6.7. Mkataba uleule uliompa hasara unalipa vizuri zaidi kuanzia sasa, kwa sababu gharama nzito ziko nyuma yake. Kuvunja kunaleta faida pale tu pesa hizo zikienda mahali panapozidi viwango hivyo, na paa la nyumba anayoishi halizai kitu.

Kati ya njia mbili zilizobaki, tofauti ilikuwa ndogo mno, hivyo kinga ndiyo iliyoamua. Akisimamisha, kinga inashuka toka 8,400,000 na bonasi zake hadi 4,872,000. Ana watoto watatu, na ni yeye peke yake anayewalea.

Kwa paa, tuliandika barua kuuliza kiasi anachoweza kukopa kwa dhamana ya bima yenyewe, kwa kuwa mikataba mingi inaruhusu sehemu ya thamani ya kusalimisha, na ada ya mkopo huo kwa mwaka ni kiasi gani. Amekubali kutotia saini popote mpaka namba hiyo ije, tuipime pembeni ya ile 6.7.