Samahani tano haziigeuzi saa tano usiku kuwa saa ya kazi

Nimetumiwa tena skrinishoti. Kijana wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar kamwandikia bosi wake usiku, hakujibiwa, asubuhi kamkuta kanuna, sasa ananiuliza "nimekosea wapi na samahani nimeomba?" Kazi yangu ni kufundisha watu wa ofisini kuandika meseji, imeili na ripoti, na kila darasa swali hili linakuja, na nyuma yake kuna imani ileile, kwamba ukishaweka shikamoo na samahani za kutosha basi saa yoyote inafaa. Nimechoka nayo. Kwaiyo leo naichambua hiyo meseji, kwa ruhusa yake, mzigo na tarakimu nimebadilisha.

22:47 Shikamoo madam
22:51 Samahani sana kwa usumbufu usiku huu
22:52 Najua umepumzika, samahani
22:58 Kuna ishu kidogo ya lile kontena
23:16 Madam??

Simu imelia mara tano ndani ya nusu saa, na ukizisoma zote tano huoni swali. Hakuna. Madam angekuwa macho na kikombe cha chai mkononi bado asingejua ajibu nini. Kutuma "Shikamoo madam" peke yake ukasubiri aitikie ni kupiga hodi mlangoni kwa mtu usiku halafu ukanyamaza, mwenye nyumba atainuka kitandani ndio ajue umekuja na nini. Watu wanaona ndio adabu. Adabu ni kumwachia nafasi ya kuendelea kulala.

Alafu ile "kuna ishu kidogo ya lile kontena" ndiyo mbaya kuliko zote, hii nataka niikalie kidogo. Mwenye kampuni akisoma neno kontena na neno ishu saa tano kasoro usiku, kichwa kinaanza safari: limeanguka? limekamatwa? dereva yuko wapi? Umemtia wasiwasi bila kumpa kitu cha kufanya nao. Na usiniambie "si angezima data". Mtu ambaye ana madereva njiani kwenda Tunduma na mama mgonjwa kijijini hazimi simu, ndiyo maana anakerwa zaidi na meseji ambayo ingeweza kusubiri, kwa sababu amelazimika kuiangalia kama ile ambayo isingeweza.

Tuanze na swali ambalo watu wanaliruka: kuna kitu chochote huyu bosi anaweza kufanya kati ya sasa na asubuhi kikabadilisha matokeo? Kama kipo na ni cha haraka kweli, lori limepinduka, mtu kaumia, polisi wameshikilia gari, basi usiandike meseji kabisa, piga. Ukipiga usiku anajua ni zito, na usipompigia kwa vitu vyepesi ataendelea kujua hivo. Kama hakuna anachoweza kufanya mpaka asubuhi, meseji inaandikwa usiku lakini inatoka asubuhi. Unaogopa utasahau? Jitumie mwenyewe, WhatsApp ina chati ya kujiandikia, asubuhi unanakili unatuma. Usiiache kwenye chati ya bosi ikiwa haijatumwa, kidole kikiteleza imeenda. Na hizi app za pembeni za kupanga muda wa kutuma mimi siwashauri, unampa mtu usiyemjua ruhusa ya kupita kwenye meseji za kazi.

Sasa huyu kijana alikuwa na sababu ya kweli ya kutuma usiku, ila hakuiandika popote. Nilipombana ndio ikatoka: madam alikuwa anapanda ndege ya Mwanza alfajiri, akitua ana kikao, na siku za bure za kontena pale bandarini zilikuwa zinaisha siku hiyohiyo. Nyaraka zimekamilika, ila mteja hajaingiza hela ya bandari, na ofisi ikitaka mzigo utoke kabla storeji haijaanza kuhesabiwa lazima itangulize hela yake. Uamuzi huo ni wa madam peke yake. Hapo sawa, usiku kuna haja. Tukaiandika hivi:

"Shikamoo madam, hili ni la kesho ukishatua Mwanza, usiku huu hakuna cha kufanya. Kontena la vigae nyaraka ziko tayari ila mteja hajatuma hela ya bandari, 1,840,000. Siku za bure zinaisha kesho, tusipolipa storeji inaanza keshokutwa. Tumlipie sisi au tumsubiri? Naona tumlipie, mzigo uliopita alirudisha ndani ya wiki. Mhasibu anahitaji jibu kabla ya saa 4 asubuhi. LIPA au SUBIRI inatosha. Nisipopata jibu ntakupigia saa 3:15."

Meseji moja, mlio mmoja. Shikamoo ipo, sijaitoa na wala sishauri uitoe, lakini imekaa mstari mmoja na habari yenyewe. Angalia maneno yanayofuata, maana kwenye notifikesheni simu ikiwa imefungwa yanaonekana ya mwanzo tu, na kwa samahani zako ungekuwa umeyamaliza. Hapa kabla hata hajafungua ameshajua kwamba hili ni la kesho, anaweza kugeuza simu na kulala. Samahani haikumpa hiyo habari. "Samahani kwa usumbufu" inamwambia kwamba unajua unamsumbua, ila haimwambii kama aamke au alale, na hicho ndicho kitu pekee anachotaka kujua saa hiyo.

Nikifika hapa darasani kuna mtu lazima ainue mkono: "si ungeandika tu utajibu ukipata nafasi, ndio heshima zaidi?" Hapana. Hili linanikera kuliko samahani zote. Anafungua usiku, tiki zinageuka bluu, anasoma "ukipata nafasi", anafunga, na kuanzia dakika hiyo ile namba ya meseji ambazo hazijasomwa imeondoka. Asubuhi juu yake kuna grupu la familia, grupu la kamati ya harusi, la wazazi wa shule, meseji yako iko chini huko na hakuna kitu cha kumkumbusha. Hajakudharau, umemwambia mwenyewe kwamba haina muda. Alafu saa 5 asubuhi siku ya mwisho ya bure unakimbia kumpigia akiwa kikaoni, hapo ndio umemvurugia kweli. Kuheshimu muda wake wa kupumzika hakuhitaji kuficha dedilaini, kunahitaji kuiweka wazi na kuiweka kwenye saa zake za kazi. Saa 4 asubuhi nayo hatukuibuni, mhasibu akianza malipo kabla ya hapo kuna muda wa risiti kutoka na lori kuingia siku hiyohiyo. Dedilaini ya uongo usiweke, ataijua mara ya pili.

Swali nalo liwe moja na lijibike kwa neno moja. Mtu aliyetoka kwenye ndege na mkoba begani hataandika aya, "lipa" ataandika. Usimuulize "unashaurije madam?", hapo umemrudishia kazi yote ya kufikiri. Weka maoni yako na sababu fupi, akikataa amekataa.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye mgogoro, na hapa nawaambia ukweli sina uhakika wote. Vitabu vya mawasiliano vinapenda "nisiposikia kutoka kwako nitaendelea na malipo". Kwa wenzetu huko inafanya kazi. Kwa bosi wa hapa, tena mkubwa kwako kwa umri, inasomeka kama unampangia, na ukishika hela yake bila neno lake umeingia pabaya. Kwaiyo nilichagua "ntakupigia saa 3:15", ambayo haigusi hela na inamwambia kwamba usiku hutarudi tena. Lakini nimeshaona mabosi wanaokerwa hata na hiyo, na nimeona wengine waliosema bora ungeendelea tu. Kanuni ninayoamini ni moja, kwamba kile utakachofanya ukikosa jibu kiwe kitu kinachoweza kurudishwa. Simu inarudishika, milioni na laki nane hairudishiki.

Na wasiwasi wangu mwingine: hivi kumwandikia mtu "usiku huu hakuna cha kufanya" kunamsaidia kweli kulala? Wengine ndio wataanza kupiga hesabu za hela hapohapo kitandani. Ndiyo maana habari mbaya isiyo na uamuzi ndani yake, mteja kahama, mzigo umeandikwa vibaya, mimi nasema isubiri asubuhi hata kama utaweka alama zote za "ni la kesho". Na kuna mabosi wanaofanya kazi usiku na wanapenda zije usiku. Muulize mchana, mara moja, "madam, vitu vya asubuhi nikiwa nimevimaliza usiku nikutumie au nisubiri?" Jibu lake linashinda chochote nilichoandika hapa. Kama ni yeye aliyekuandikia saa 4 usiku akiuliza kitu, jibu hicho alichouliza, usitumie mlango huo kuleta mengine matano.

Sheria haitakusaidia sana hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, lakini ni kwa ajili ya kumlinda mfanyakazi na saa zake, na Ufaransa walioweka haki ya kutoshika simu ya kazi tangu Januari 2017 nao waliwafikiria hao hao. Wewe unayeandika kwenda juu unabaki na busara yako.

Ya haraka haraka: voisi usitume usiku, aliyelala na mwenzake hawezi kuifungua, na kesho hataweza kutafuta ile 1,840,000 ndani yake. Kwenye grupu la kazi usimtagi. Ukikosea tarakimu irekebishe, WhatsApp inakupa dakika 15 na kurekebisha hakumpigii mlio mpya, wakati ukiifuta inabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa na hapo lazima ajiulize ulikuwa nini. Ukiona tiki za bluu na kimya, umefanikiwa, amesoma na amelala. Alama za kuuliza mbili zinabomoa kila ulichojenga juu.

Na akijibu "lipa", mpelekee mhasibu kwanza, halafu mrudishie madam risiti na saa lori lilipotoka getini, kwenye chati ileile, mchana.