Mbwa akiburuza makalio, usikimbilie dawa ya minyoo

Kabla mama yule wa Tabata hajakaa kwenye benchi, alishanipa jibu. "Daktari, ana minyoo sugu. Nimempa dawa mara tatu, bado anajiburuza." Mbwa wake, Spitzi mweupe wa miaka sita, alikuwa amesimama katikati ya chumba akikataa kukaa. Mbwa asiyetaka kukaa ananiambia mengi kuliko vidonge vitatu alivyokwisha kumeza.

Katika kliniki yangu hapa Dar es Salaam, mbwa wengi wanaoletwa kwa kujiburuza makalio sakafuni wamekwisha kunyweshwa dawa ya minyoo nyumbani. Siwalaumu wenye mbwa, kwa sababu imani hiyo ina chembe ya ukweli. Yuko tegu mmoja ambaye mbwa humpata kwa kumeza kiroboto anapojitafuna. Vipande vya tegu huyo hutoka vyenyewe kwenye njia ya haja kubwa, na vinawasha. Lakini tegu huyo huacha ushahidi: vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, vinavyojikunja vikiwa vibichi na kukauka kwenye manyoya ya chini ya mkia. Kama huvioni, na mbwa amepata dawa inayoua tegu (si kila dawa ya minyoo inamuua, kwa hiyo muulize muuzaji kama ina prazikwanteli), basi geuza macho upande mwingine.

Upande huo ni vifuko viwili vidogo ambavyo kila mbwa anavyo, dume kwa jike. Kwa mbwa wa wastani kila kimoja kina ukubwa kama wa njegere. Tazama saa ya ukutani na ufikirie kwamba katikati yake ndipo ilipo njia ya haja kubwa: kifuko kimoja kipo pale ilipoandikwa 4, kingine pale ilipoandikwa 8. (Sisemi saa nne na saa nane. Niliwahi kumwelekeza hivyo kijana wa mafunzo, akahesabu kwa Kiswahili na kuanza kupapasa juu ya mkia.) Vimebanwa kati ya misuli miwili inayofunga njia hiyo, na kila kimoja kina mrija mwembamba unaofunguka ukingoni. Ndani yake hutengenezwa majimaji ya rangi ya njano au kahawia, yenye harufu ya dagaa walioloa wakasahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Hiyo ndiyo harufu ambayo mbwa hunusana wakikutana.

Mbwa mzima huvimwaga mwenyewe bila mtu kujua. Choo kigumu kikipita, misuli inakaza, vifuko vinabanwa, majimaji kidogo yanatoka. Kwa hiyo chochote kinacholainisha choo kwa muda mrefu kinaondoa ule msukumo. Majimaji yanabaki, yanazidi kuwa mazito, mpaka yanakuwa kama dawa ya meno na kushindwa kupita kwenye mrija. Hiyo ni hatua ya kwanza, kuziba. Bakteria wakishamiri humo, kuta za kifuko zinavimba na kuuma: hiyo ni ya pili. Ya tatu ni jipu, na jipu lisipopata njia hutoboka lenyewe kupitia ngozi iliyo pembeni ya njia ya haja kubwa. Wengi huniletea mbwa wakati huo, wakisema ameumwa na mbwa wa jirani, maana tundu lenye damu na usaha linafanana kweli na jeraha la jino.

Choo laini si sababu pekee. Mzio wa ngozi, uwe wa viroboto, wa chakula au wa vumbi, huwasha eneo lote la chini ya mkia na kuvimbisha hata ile mirija. Mbwa wa namna hiyo utamkuta pia analamba vidole vya miguu na kutikisa masikio. Unene nao umo, na mbwa wadogo wa ndani hupata shida hii kuliko wale wakubwa wa kulinda geti.

Turudi kwa Spitzi wetu. Alikuwa na kilo 12, na kwa umbo lake nilimkadiria kilo 9. Nikamuuliza mama anakula nini. "Ugali na dagaa," akasema, kisha baada ya kimya kidogo, "na wajukuu wanampa chipsi." Mchuzi je? Na mchuzi. Choo chake? Kama uji, karibu kila siku, tangu walipohamia wajukuu. Hapo nilikuwa nimekwisha kupata nusu ya ugonjwa kabla sijavaa glovu.

Nilimfunga mdomo kwa ukanda wa bandeji, kwa sababu hata mbwa mpole kuliko wote atang'ata akiguswa hapo. Nikainua mkia. Kwenye 4 ya saa yetu kulikuwa na uvimbe mwekundu, wa moto, wenye ukubwa wa ndimu ndogo, na ngozi ya juu yake imeanza kuwa nyembamba na kubadilika kuwa ya zambarau. Kwenye 8 palikuwa pametulia. Kwa kawaida huingiza kidole cha shahada chenye glovu na jeli, kidole gumba kikabaki nje, nikashika kifuko katikati na kukikamua polepole kuelekea kwenye mrija. Upande wa 8 nilifanya hivyo, ukatoka utepe mzito wa kahawia: kimeziba, hakijaambukizwa. Upande wa 4 sikuugusa. Jipu halikamuliwi. Ukilibana, usaha unaweza kupasukia ndani kwenye nyama badala ya kutoka nje, na maumivu yake mbwa hatayasahau. Hili nawaambia hasa wale wanaofuata video na kujaribu nyumbani: ukiona wekundu, joto au maumivu, ondoa mikono.

Tulimlaza kwa dawa ya usingizi. Nilinyoa manyoya, nikasafisha, nikapasua mahali ngozi ilipokuwa nyembamba kuliko kwingine, si zaidi ya sentimita moja. Usaha uliochanganyika na damu ulitoka, na feni ya chumba haikusaidia kitu. Kisha kwa bomba la sindano lililofungwa mrija laini nilisukuma salaini ndani, nikarudia mpaka iliporudi ikiwa safi. Kidonda sikukishona. Watu hushangaa hapo, lakini ukishona unafungia uchafu ndani na jipu linarudi baada ya siku chache. Linatakiwa lipone kutoka chini kwenda juu.

Alikwenda nyumbani na amoksisilini yenye klavulaneti, miligramu 150 asubuhi na jioni kwa uzito wake, pamoja na meloksikamu ya maumivu kwa siku chache. Nilimvisha kola ya plastiki shingoni, ile inayomfanya aonekane kama amevaa faneli, kwa kuwa mbwa akifikia kidonda kwa ulimi kazi yote inaharibika. Na mama nikampa kazi: kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kidonda, dakika kumi, mara mbili kwa siku, ili tundu lisiwahi kujifunga.

Akaniuliza kama angeweza kumpa diklofenaki aliyobakiza mzee nyumbani. Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na kwa mbwa wa kilo 12 hata kidonge kimoja si cha kufanyia mzaha.

Kama ingekuwa ile hatua ya pili, maambukizi bila jipu, kisu kisingehitajika. Hapo ninamlaza kidogo, naosha kifuko kwa salaini kupitia mrija wake wenyewe kwa katheta nyembamba isiyo na sindano, kisha nakijaza dawa ya mafuta yenye antibayotiki na ya kutuliza uvimbe. Mara nyingi narudia baada ya wiki moja au mbili. Kuziba tu kunamalizwa kwa kukamua.

Na kukamua huko ndiko kunakonigombanisha na watu. Kuna wanaoosha mbwa ambao hukamua vifuko vya kila mbwa kila anapooshwa, kama vile kukata kucha. Kifuko kinachojimwaga chenyewe hakidai mkono wa mtu. Ukikibana kila baada ya wiki mbili bila sababu unakichubua, kinavimba, na sasa umetengeneza mgonjwa. Na yule ambaye kweli anaziba kila mwezi, kukamua peke yake ni kudeki maji wakati bomba bado linavuja.

Kwa Spitzi wetu bomba lilikuwa chipsi na mchuzi. Tulikubaliana: ugali kiasi kilichopimwa, dagaa waliolowekwa na kuoshwa kupunguza chumvi, na vijiko viwili vya boga lililochemshwa bila chumvi wala mafuta katika kila mlo. Nyuzinyuzi za boga hunenepesha choo, na choo kinene ndicho kinachobana vifuko. Wajukuu walipigwa marufuku. Dawa ya viroboto ilianza mwezi huohuo, kwa sababu nilikuta vinyesi vyao kwenye manyoya ya kiuno: vile vidoti vyeusi ambavyo ukiviweka juu ya karatasi iliyoloa hutoa rangi ya damu.

Kidonda kilijifunga siku ya tisa. Jambo moja nililisubiri lakini sikumwambia mama siku ile ya kwanza, maana alikuwa na wasiwasi wa kutosha. Katika mbwa wa umri mkubwa, upande mmoja unaovimba bila joto wala maumivu, mgumu kama kokoto, unaweza kuwa saratani ya tezi za kifuko. Baadhi ya saratani hizo hupandisha kalsiamu katika damu, na mbwa huanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana. Jipu linaweza kuficha uvimbe wa namna hiyo chini yake. Kwa hiyo baada ya uvimbe kutulia nilipapasa tena kwa kidole pande zote mbili. Ukuta ulikuwa mwembamba na laini, hakuna kokoto. Hapo ndipo nilipomweleza.

Akaniuliza kwa nini tusiviondoe tu. Inawezekana, na kwa saratani au majipu yanayojirudia huo ndio upasuaji wenyewe. Lakini mishipa ya fahamu inayoamuru misuli ya kufunga njia inapita karibu kabisa, na ikijeruhiwa mbwa anaweza kubaki akidondosha choo ndani ya nyumba. Baada ya jipu moja tu, kwa mbwa ambaye chakula chake hakijawahi kurekebishwa, sikuona sababu ya kucheza kamari hiyo.

Walirudi baada ya wiki sita. Kilo 11, choo kimeshikana, na mbwa alikaa mwenyewe sakafuni nilipokuwa naandika kadi yake. Nilipapasa vifuko: vyote viwili vilikuwa na majimaji kidogo, laini. "Hukamui?" mama akauliza. Nikavua glovu.