Je, wajua kwa nini OLS, ile regresheni ya kawaida, inakosa mstari wa mahitaji hata ukiwa na data kibao?

"Nina bei na kilo za samaki zilizouzwa kila siku sokoni kwa miezi kadhaa, nimepiga regresheni ya kilo juu ya bei, mteremko umetoka mdogo kuliko nilivyotegemea. Si ndo mstari wa mahitaji huo? Au nikusanye data zaidi?"

Hapana sio huo, na data zaidi haitakusaidia kitu. Cheki hiyo bei uliyoiweka upande wa kulia imetoka wapi. Kila siku moja imekupa nukta moja tu, bei fulani na kilo fulani, na nukta hiyo ndo pale wauzaji na wanunuzi walipokubaliana. Yaani inakaa kwenye mistari miwili kwa wakati mmoja, wa mahitaji na wa ugavi. Kesho wanunuzi wakija wengi mstari wa mahitaji unasogea, boti zikirudi tupu mstari wa ugavi unasogea, na wewe unaona tu nukta mpya bila kuambiwa nani kasogea. Sasa ukiunganisha nukta za miezi sita unapata mstari ndio, ila ni mchanganyiko wa yote mawili.

Tuweke namba ili ionekane. Tuseme ukweli wa soko (ambao sisi tunaujua kwa sababu tumeutunga) ni huu:

```
Mahitaji:  Q = 100 - 2P + u
Ugavi:     Q = 10 + P + v
```

Q ni kiasi, P ni bei, u ni mambo ya siku hiyo yanayowagusa wanunuzi, kama mahoteli kuwa na wageni wengi, na v ni yale yanayowagusa wavuvi. Mteremko wa mahitaji ni −2, bei ikipanda kwa moja kiasi kinashuka kwa mbili. Sasa weka pande mbili ziwe sawa maana sokoni kinachouzwa ndo kinachonunuliwa, utapata:

```
P = 30 + (u - v)/3
Q = 40 + (u + 2v)/3
```

Tulia kwenye mstari wa bei hapo. Bei ina u ndani yake! Siku wanunuzi wakiwa wengi u inapanda, na bei inapanda nayo. OLS inafanya kazi kwa sharti kwamba kile kilichobaki nje ya mstari, yaani u, hakina uhusiano na kile ulichoweka kulia, yaani P, na hapa uhusiano upo wazi kabisa, umejengwa na soko lenyewe kila linapofunguliwa. Kwa hiyo siku za bei juu ni siku ambazo kwa wastani wanunuzi walikuwa na hamu kubwa, wakanunua kuliko ambavyo wangenunua kwa bei hiyo siku ya kawaida, na OLS ikiangalia hapo inaona kama vile bei haiwasumbui sana.

Kosa linafika wapi? Kama u na v hazina uhusiano na zinayumba kwa ukubwa sawa, mteremko wa OLS unatoka −0.5. Ukweli ni −2, wewe umepata robo yake. Wanunuzi wakiyumba zaidi, variansi ya u ikawa mara mbili ya v, mteremko unatoka sifuri, utasema bei haina athari yoyote kwa wateja. Variansi ikifika mara nne unatoka +0.4, yaani eti watu wananunua zaidi bei ikipanda. Hakiki mwenyewe, fomula ni hii:

```
(var(u) - 2*var(v)) / (var(u) + var(v))
```

Kama huamini hesabu ya karatasi, endesha hii kwenye Python, siku laki moja:

```python
import numpy as np
r = np.random.default_rng(1)
u = r.normal(0, 6, 100000)
v = r.normal(0, 6, 100000)
P = 30 + (u - v)/3
Q = 40 + (u + 2*v)/3
print(np.polyfit(P, Q, 1)[0])
```

Itakupa namba ya karibu sana na −0.5. Ongeza sifuri mbili kwenye hiyo laki moja, itazidi tu kuikaribia −0.5, kwa uhakika mkubwa zaidi, na ukweli bado ni −2. Ndo maana nimesema data zaidi sio dawa. Tatizo hapa linaitwa utambuzi, swali ni kama data ya aina hiyo, hata ingekuwa haina mwisho, ina uwezo wa kutenganisha mstari mmoja na mwingine, na bei na kilo peke yake hazina uwezo huo.

Hili liliwahi kumtokea mtu mkubwa. Mwaka 1914 mchumi Mmarekani Henry Moore wa Chuo Kikuu cha Columbia alitoa mstari wa "mahitaji" ya chuma ghafi ambao ulikuwa unapanda, bei juu na mauzo juu. Kumbuka chuma kile kinanunuliwa na viwanda, uchumi ukichangamka wote wanataka, ukilala wote wanaacha, yaani u inayumba vibaya sana huku upande wa ugavi ukiwa umetulia kiasi. Ukirudi kwenye fomula yetu utaona alichokipata kilikuwa kinafanana zaidi na ugavi. Mchumi mwenzake Philip Wright alilisema hilo mapema, na mwaka 1928, kwenye kiambatisho cha kitabu chake kuhusu ushuru wa mafuta ya mimea na wanyama, akaonyesha njia ya kutoka. Alitumia mbegu za kitani, na kati ya vitu alivyovishika ni mavuno kwa ekari, kitu kinachosogeza ugavi bila kuwagusa wanunuzi.

Njia yenyewe ni hiyo hiyo mpaka leo. Tafuta kitu cha nje kinachosukuma mstari mmoja tu. Ukitaka mahitaji, sukuma ugavi, kwa sababu ugavi ukisogea huku mahitaji yametulia, nukta zinatembea juu ya mstari wa mahitaji na kukuchorea huo mstari. Kitu hicho wachumi wanakiita instrumenti.

Kwa samaki instrumenti ni hali ya bahari, na kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya soko la samaki la Fulton, New York, wakati lile soko bado lipo Manhattan. Mchumi Kathryn Graddy alipata rekodi za muuzaji mmoja wa jumla kuanzia Desemba 1991 mpaka Mei 1992, siku 111 za soko, za samaki wa aina moja mwenye nyama nyeupe asiye ghali. Akaunganisha na hali ya hewa huko baharini: siku ikahesabiwa ya dhoruba kama mawimbi yalizidi futi 4.5 na upepo ukazidi noti 18, kama kilomita 33 kwa saa. Bahari ikichafuka boti hazitoki au zinarudi na kidogo, ila mpishi aliyeko mjini hana habari na mawimbi ya huko mbali, yeye anaona bei tu.

Ukipiga OLS ya kawaida kwenye hizo data, kwa logi, unapata kama −0.54, yaani bei ikipanda asilimia moja kiasi kinashuka nusu asilimia. Sasa weka OLS pembeni ufanye kitu rahisi kuliko regresheni: gawa siku mafungu mawili, za dhoruba na za bahari shwari, ulinganishe wastani. Siku za dhoruba logi ya bei iko juu kwa kama 0.34, na logi ya kiasi iko chini kwa kama 0.36. Gawanya badiliko la kiasi kwa badiliko la bei, unapata karibu −1.08. Mara mbili ya OLS! Na mwelekeo wa kosa ni ule ule wa namba zetu za kutunga, OLS ilikuwa inawaonyesha wateja kama hawajali bei.

Kwa nini kugawanya hivyo kunafanya kazi? Rudi kwenye soko letu, tuseme dhoruba inapunguza ugavi kwa 9. Ukitatua tena utaona bei inapanda kwa 3 na kiasi kinashuka kwa 6, na −6 gawanya kwa 3 ni −2, ukweli wenyewe. Ile u haijaingia popote kwa sababu dhoruba haiijui, siku za dhoruba na siku shwari zina wateja wa aina moja kwa wastani.

Ila hapo kwenye "haiijui" ndo pa kuwa makini sana. Dhoruba ikifika mpaka mjini, mvua na baridi zikawafanya watu wasitoke kwenda kula, basi imesukuma mistari yote miwili na mgawanyo wako umeharibika. Ndo maana kwenye data za Fulton wanaingiza pia mvua na baridi ya nchi kavu, na siku ya wiki, ili ibaki ile dhoruba ya baharini tu. Na ukiwa na instrumenti moja hakuna testi ya kompyuta itakayokuambia sharti hili limetimia, lazima ulitetee kwa kulijua soko lenyewe. Kinachopimika ni upande wa pili, kama dhoruba kweli inasogeza bei: piga regresheni ya bei juu ya dhoruba uangalie F, namba inayopima nguvu ya uhusiano huo, ikiwa chini ya 10 hivi watu huanza kuwa na wasiwasi, maana unagawanya kwa namba ndogo isiyo na uhakika na jibu linaweza kuruka popote. Hata pale Fulton gharama ya kuondoa kosa ni kwamba jibu lina ukungu, ile −1.08 ina kosa sanifu la kama 0.48, dhidi ya 0.18 la OLS. Mimi bado naichukua hiyo, bora jibu lenye ukungu la swali langu kuliko jibu kali la swali ambalo sikuuliza.

Kwa pwani yetu mtu anaweza kufikiria haraka haraka atumie kusi na kaskazi. Hapo angalia, kusi inakaa miezi, na ndani ya miezi hiyo watalii wanakuja na kuondoka, shule zinafunga na kufungua, na hivyo vyote ni u. Upepo wa siku kwa siku ndani ya msimu mmoja ni instrumenti bora zaidi kuliko msimu wenyewe.

Na usije ukadhani dhoruba imekupa na ugavi pia. Imekutambulia mahitaji peke yake. Ukitaka kujua wavuvi wanaongeza kiasi gani bei ikipanda, itabidi utafute kitu kingine kinachowasukuma wanunuzi bila kugusa boti.