Hisa Zako Haziko kwa Dalali

Malalamiko mengi tunayopokea kutoka kwa wawekezaji wa Soko la Hisa la Nairobi yanaanza na kauli hii: "Hisa zangu ziko kwa dalali fulani." Haziko huko. Unapojaza fomu ya CDS, yaani ya kufungua akaunti ya kielektroniki ya hisa, kwa dalali, ukaambatanisha kitambulisho, PIN ya KRA, picha na namba ya akaunti ya benki, dalali ni wakala tu wa kuifungua akaunti. Akaunti yenyewe imo katika daftari la kielektroniki la CDSC, kampuni inayohifadhi hisa za wawekezaji, kwa jina lako. Ndiyo maana ya uhifadhi: hisa zinatunzwa na taasisi ambayo si dalali.

Fedha ni habari nyingine. Tuseme umempelekea dalali shilingi 100,000 na umenunua hisa 2,000 kwa shilingi 30 kila moja. Tozo tuziache kando. Siku tatu za kazi baada ya biashara, hisa 2,000 zinapaswa kuonekana katika akaunti yako ya CDS. Shilingi 40,000 zilizobaki zimo mikononi mwa dalali, na sharti zikae katika akaunti ya benki ya wateja, mbali na ile anayolipia mishahara na kodi ya ofisi.

Sasa dalali akifilisika, hisa unazihamishia kwa dalali mwingine kwa kujaza fomu ya uhamisho. Zile 40,000, zikiwa zimetengwa, wadai wake hawana haki nazo. Zikiwa zimechanganywa na fedha zake, utasimama foleni pamoja nao. Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2008, fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Kwa hiyo usiache fedha nyingi zikae kwa dalali bila kazi.

Kabla ya kulipa, soma jina la akaunti ya benki. Liwe la kampuni yenye leseni, na ithibitishwe kwa maandishi kuwa ni akaunti ya wateja. Namba ya simu ya mfanyakazi si akaunti ya wateja, hata akiwa jirani yako. Jambo hili tumelisema mara nyingi, na bado watu wanatuma.

Taarifa anayokuchapishia dalali ni hesabu yake yeye. Omba taarifa ya CDS, uilinganishe na hati ya mauzo au manunuzi. Ukikuta hisa zimepungua na hukutoa agizo la kuuza, mwandikie dalali siku hiyohiyo na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipokujibu, ilete kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji pamoja na taarifa ya CDS, hati hizo na stakabadhi ya benki. Mamlaka inaweza kumtoza faini, kusimamisha leseni yake au kuifuta, lakini bila karatasi hizo uchunguzi huchelewa sana.